Karanga za Mama Restituta

Mama Restituta, mkulima wa kahawa wa Litumbandyosi, alisikia kliniki kwamba sembe hupandisha sukari ya damu haraka, karanga polepole. Ili apungue uzito, akaacha ugali. Msimu mzima wa kuchuma kahawa alitafuna karanga, kikombe juu ya kikombe. Siku ya kupima kahawa akapanda mizani ya magunia. Kilo tatu zimeongezeka!

Akaenda kliniki, akamvaa nesi Vitalia kwa hasira. Vitalia akampima sukari: imetulia kabisa.

“Ulichosikia ni kweli, mama. Lakini kasi ya sukari siyo unene. Unene hufuata jumla ya nguvu iliyomo kwenye chakula, na kwa nguvu hiyo kikombe kimoja cha karanga kinashinda sahani ya ugali.”

Restituta akafungua kiganja, akazitazama karanga zilizobaki, mdomo wazi.

“Nyie vidogo hivi, mmebeba sahani nzima ya ugali!”

Akazirudisha mfukoni taratibu, zote isipokuwa moja.