Gramu Moja ya Tangawizi kwa Siku

"Na wewe umejuaje kama ni tangawizi?"

Mama mkwe wa dada yangu aliniuliza hivyo huku anakunja madera, hata macho hakuinua. Nilimsogezea daftari langu tena. Nilikuwa na shahada ya takwimu, na lile daftari lilikuwa na hesabu za wiki sita.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na kazi bado sijapata, kwa hiyo nilikuwa nashinda kwenye duka lao Kariakoo. Tulikuwa tunauza madera na abaya. Duka lilikuwa la mama mkwe, dada ndiye aliyelisimamia, na mimi nilikuwa nabishana na wateja. Dada alikuwa na ujauzito wa wiki ya saba. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza ilitoka wiki ya kumi, baada ya mtaa mzima kupewa habari na mashangazi kuanza kushona vitambaa vya mtoto. Watu wale wale walirudi kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitaka kujua alikuwa amebeba nini kizito. Safari hii alikuwa amemwambia mumewe na mimi tu. Alitaka kuivuka ile wiki ya kumi pasipo mtu kujua.

Lakini alikuwa anatapika. Alianza na mate mengi, kisha harufu ya nguo mpya zikifunguliwa kwenye marobota ikawa inamkimbiza chooni. Na mwezi wa Ramadhani ukaingia.

Dini ilikuwa imemruhusu kula. Majirani ndio hawakuwa wamemruhusu. Mwanamke asipofunga siku tatu, nne, hata saba, kila mtu anajua sababu na hakuna anayeuliza. Siku ya nane wanaanza kuhesabu. Kwa hiyo dada aliamua kufunga. Alikuwa anakula daku, anaitapika alfajiri, halafu anakuja dukani na ndimu mkononi. Siku ya nne alipoinuka kwenye kiti alishika ukuta. Nikamuuliza mkojo wake ukoje.

"We mtoto, una adabu kweli?"

"Ukoje, dada?"

"Kama chai ya rangi."

Nilimpeleka kliniki asubuhi hiyo hiyo, kituo cha afya kilicho upande wa Buguruni, ambako hakuna aliyetujua. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye haraka. Alimpima uzito na presha, akampima mkojo, akamnywesha maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akasubiri aone kama yatakaa. Yalikaa.

"Mwanangu, hii ya kwako ni ya kawaida, lakini unaielekeza pabaya," alimwambia. "Funga utailipa baadaye. Sasa hivi kula kidogo kidogo, kila saa mbili. Usiache tumbo liwe tupu. Kabla hujainuka kitandani, tafuna kitu kikavu, biskuti au kipande cha mkate. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo, hicho ndicho chako. Maji kunywa kwa mafundo, katikati ya milo. Na vidonge vya kuongeza damu, umeshaanza? Unameza saa ngapi?"

"Asubuhi. Tumbo likiwa tupu."

"Ndiyo maana. Madini chuma hayo yanachokoza tumbo. Meza jioni, baada ya kula. Ikishindikana, rudi tuone kama tukupe foliki asidi peke yake kwanza, bila hayo madini."

Dada akauliza alichokuwa amekuja nacho moyoni tangu mwanzo. "Kutapika huku hakuwezi kuitoa?"

"Huku kwa kawaida? Hapana. Kunakuchosha wewe, yeye hakumdhuru. Ila ukikaa siku nzima hata maji hayakai, mkojo ukawa mchache na mweusi, ukapungua uzito au ukizimia, usiniletee habari za ndimu. Njoo."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari. Nikauliza ushahidi wa kula kidogo kidogo uko wapi.

Nesi alinitazama kwa sura ya mtu aliyekwisha kuona vijana wengi. "Huyu naye ni nani?"

"Mdogo wangu. Amesoma."

"Haya, msomi. Hakuna aliyekaa akalipima hilo vizuri, kwa ninavyojua. Ila wanaokuja hapa wakiwa na tumbo tupu nawaona kila siku. Na kula hakumdhuru mtu."

Jibu hilo halikuniridhisha. Niliporudi nilikaa na simu siku mbili nikisoma. Tangawizi ilikuwa imepimwa kweli: wanawake waligawanywa kwa kura, kundi moja wakapewa tangawizi na jingine kidonge kisicho na kitu ndani. Tafiti nyingi zilikuwa ndogo, lakini zilielekea upande mmoja. Kichefuchefu kilipungua, ila kwa kutapika kwenyewe matokeo hayakuwa wazi. Vitamini B6 nayo ilikuwa na tafiti zake, inapunguza kichefuchefu kiasi. Bangili za kubana kifundo cha mkono zilitoa majibu yanayopingana, na kuna waliobanwa mahali pasipo penyewe nao wakasema wamepata nafuu. Harufu ya ndimu ilikuwa na ushahidi mdogo sana, lakini kunusa hakuna hasara. Udongo wa kula, ule unaouzwa kwa mafungu sokoni, sikuona chochote cha kuutetea. Niliona kwamba unaweza kuwa na risasi, ile metali, na unazuia mwili kuchukua madini ya damu. Nilichukua fungu la dada kwenye mkoba wake nikalitupa. Alininunia hadi magharibi.

Milo midogo niliiwekea alama ya kuuliza. Tangawizi niliiwekea alama ya vema.

Kosa langu lilikuwa hapo. Niliona kitu ambacho hakijapimwa nikakihesabu kama kitu kilichopimwa kikashindwa. Nilimwambia dada asitegemee sana habari ya kula kidogo kidogo, kwa sababu haijathibitishwa.

"Kwa hiyo nisile?"

"Kula. Ila dawa ni tangawizi."

Kiasi kilichotumika sana kwenye tafiti ni kama gramu moja ya unga kwa siku, imegawanywa mara nne. Robo gramu huwezi kuipima kwa kijiko. Nilinunua tangawizi kavu sokoni, nikaitwanga, nikaichekecha, nikaipeleka kwa sonara wa mtaa wa pili mwenye mizani ya dhahabu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada, tangawizi imefikia bei ya kupimwa huku?"

"Pima tu, mzee wangu."

"Nikutengenezee na hereni?"

Nilifunga vifurushi vya karatasi, vinne kwa kila siku, nikaviandika asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Nilimkabidhi dada vya wiki nzima kwenye kopo la maziwa. Akashukuru. Kila Jumamosi kopo lilirudi tupu, nami nikalijaza tena.

Dada alikuwa ameacha kufunga, likabaki suala la mahali pa kula pasipo kuonekana. Mwezi ulikuwa umechanganya, watu wamejaa wanatafuta nguo za sikukuu, na duka letu lilikuwa na kona moja tu iliyofichika: pazia la kujaribia nguo. Kila saa mbili dada alichukua dera lolote, akaingia nyuma ya pazia, akala. Vipande vitatu vya muhogo wa kuchemsha uliopoa, au tende na biskuti, au nusu ya ndizi. Mimi nilisimama nje kama askari. Tulidhani tuna akili sana.

Siku moja mteja mmoja mnene, mwenye haraka, akalishika pazia. "Huyu humo ndani anajaribu gauni la harusi? Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa!"

Kabla sijasema neno, mama mkwe alikuwa amefika kutoka kwenye kaunta, akaushika ule mkono akauondoa taratibu. "Mwache mwanamke ajipime, mwanangu. Mwili wa watu huo. Njoo nikuonyeshe rangi uliyokuwa unaitafuta."

"Sijasema natafuta rangi."

"Unaitafuta, hujaijua tu."

Mteja alipoondoka na madera mawili, mama mkwe alipita karibu na pazia akasema kwa sauti ndogo, "Tafuna polepole. Nimekuwekea na bilauri ya maji nyuma ya kioo." Kisha akanigeukia mimi. "Mtu anashika ndimu puani tangu asubuhi, wewe unadhani sijui maana yake?"

Hakumwambia mtu. Hata kwa dada mwenyewe hakuuliza lolote. Kila siku nyuma ya kioo kulikuwa na maji na kitu kilichopoa, basi. Jirani mmoja wa duka alipouliza mkweo mbona rangi imempauka, alijibiwa kwamba ni taa za duka, hata yeye anaonekana hivyo.

Kila jioni nilimuuliza dada ametapika mara ngapi nikaandika. Tano. Nne. Nne. Tano. Tatu. Vidonge vya damu alikuwa ameshavihamishia jioni. Wiki ya kumi ilipofika hakulala vizuri, na mimi sikuandika kitu siku hizo, nilikaa naye tu. Ikapita. Sikukuu ikapita. Wiki ya kumi na tatu alikaa siku tatu mfululizo bila kutapika, akaagiza chipsi na kuku, akamaliza, akanyang'anya zangu.

Hapo ndipo nilipomletea mama mkwe daftari. Nilikuwa nimechora mstari unaoshuka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimweleza kwamba hii ndiyo kazi ya tangawizi.

Alitazama mstari kwa heshima. Kisha akauliza lile swali. Nilipomsogezea tena daftari, akaongeza, "Mimi nimezaa wanne. Wote walinitapisha, na kwa wote kutapika kuliniacha mwezi wa nne ulipokaribia, na sikuwa na mizani ya sonara. Na siku nazo si zilipita, mwanangu? Na muhogo je? Na vile vidonge?"

Vitu vinne vilikuwa vimebadilika kwa wakati mmoja, kwa mtu mmoja, bila mwingine wa kumlinganisha naye. Hilo lingenifelisha mtihani wa mwaka wa kwanza. Nilisema, "Lakini tangawizi ndiyo yenye ushahidi."

"Sikatai," akasema. "Ni nzuri sana. Hata magoti naona inasaidia."

Nilidhani anazungumza kwa ujumla.

Mpwa wangu sasa yuko chekechea, na mwaka huu zamu ya kutapika imekuwa yangu. Nilimpigia dada, nikamuuliza zile robo gramu alikuwa anazimeza na maji au na chai, kwa sababu mimi zinanichoma kifua. Akaanza kucheka hadi simu ikamwanguka.

"Mdogo wangu, sikunywa hata kifurushi kimoja. Harufu yake peke yake ilikuwa inanitapisha. Nilikuwa naona aibu kukwambia, ulivyohangaika na ile mizani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anavimimina vyote vinne kwenye chai yake ya jioni."