Barua kwa Mkono wa Kushoto

Esinam Agbodza alifika hotelini mjini Ho, Ghana, akiwa ameloa chapachapa, ila barua yake ya kuomba mafunzo kwa vitendo ilikuwa kavu. Humo alitaja kila kinachotakiwa: idara anayoiomba, yaani mapokezi, tarehe za kuanza na kumaliza, na nyuma yake alibana barua ya utambulisho ya chuo.

Bwana Dotse, meneja wa rasilimali watu, alikuwa amesimama pale pale kaunta. Kwa furaha ya kumkuta, Esinam akamnyooshea barua. Mwavuli ulikuwa mkono wa kulia, barua kushoto.

Bwana Dotse hakuipokea. Wapokezi wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Kwenu watu wazima mnawapa vitu kwa mkono huo wa kushoto?"

"Yesu wangu! Nisamehe, bosi." Mwavuli ukaanguka pu, barua ikahamia kulia.

Ndipo akaichukua, akaisoma kwa sauti makusudi: "'Nimefunzwa kumheshimu mgeni tangu nyumbani.' Nyumbani kwa nani, binti?"

"Kwa bibi yangu, bosi. Akiyasikia ya leo, silali ndani."

Bwana Dotse akakaza uso asije akacheka. Alikagua tarehe, akaisoma na barua ya chuo, hakukuta kasoro. Akatoa kalamu, akakata neno "mapokezi", akaandika lingine juu yake, akatia sahihi.

"Jumatatu, saa moja asubuhi, jikoni kwenye sinki. Masufuria hayachagui mkono. Ukimalizana nayo, tutazungumza habari za wageni."