Mtu wa Kukaa

Sisi madalali wa nyumba tuna ulimi mtamu, sikatai. Siku ile nilimpeleka mteja kwa Mwalimu, mama mjane mstaafu aliyekuwa akipangisha chumba cha uani kwa mkataba wa mwaka mzima. Mteja alikuwa mpiga eksirei wa hospitali ya karibu, mwanamume wa makamo, mpole kupita kiasi, na mali yake yote ilikuwa ndani ya begi moja. Njiani nikampa somo la bure.

"Kaka, habari za ajira yako zifunge mdomoni. Saini mwaka, mengine mbele kwa mbele."

Kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

"Karibu, kaa," Mwalimu alimwambia sebuleni baada ya shikamoo.

"Asante, Mwalimu. Niko sawa hapa." Akabaki amesimama karibu na mlango, begi mkononi, kisha akatoa barua yake ya ajira. "Kazi niliyopewa ni ya miezi mitatu. Naomba na chumba kiwe cha miezi mitatu. Nikisaini mwaka halafu kazi ikaisha, utanidai miezi iliyobaki, na sitakuwa na cha kukulipa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alivaa miwani akaisoma barua ile kama anasahihisha insha.

"Umeanza lini hii mitatu mitatu?"

"Huu mwaka wa sita. Kila hospitali wananiambia wataangalia."

"Mimi nimechoka na wapita njia, baba. Akitoka mmoja napaka rangi, namlipa huyu bwana anitafutie mwingine, chumba kinalala wazi. Nataka mtu wa kukaa."

"Nitakaa, Mwalimu. Wakiniongeza."

Alivyolisema hilo neno, hata mimi mwenye roho ya dalali lilinigusa. Mwalimu akachukua kalamu, akafuta "mwaka mmoja" akaandika "miezi mitatu". Chini akaongeza sharti: anayeondoka atoe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, akinyamaza, mkataba unajirudia kwa miezi mitatu mingine. Wote watatu tukaona haki imetendeka. Nami, na uzoefu wangu wote, sikuona shimo lililokuwa pale.

Nikambandika jina la Bwana Mitatu. Nilipopita kukagua bomba lililovuja nilimkuta akila chakula chake dirishani, kasimama, sahani mkononi. Mwalimu alimpa kalenda, akamwambia apigilie msumari popote apendapo. Kalenda ikabaki imekunjwa juu ya begi. Siku hiyo hiyo mpwa wa Bwana Mitatu alimpigia simu, nikasikia sauti ya mtoto: "Mjomba, siku hizi unakaa wapi?" Akamtajia jina la hospitali.

Mwezi wa pili ulipoisha, alikuja kibandani kwangu na karatasi. Ilikuwa notisi.

"Wamekukatalia?" nikamuuliza.

"Hawajasema kitu. Huwa wanasema wiki ya mwisho." Akanyoosha ile karatasi kwa kiganja. "Lakini nikinyamaza leo, chumba kinajirudia. Wasiponiongeza nitakuwa na deni la miezi mitatu na sina kazi."

Hapo ndipo nililiona shimo. Chumba kilidai jibu wiki tatu nzima kabla hospitali haijatoa lake. Ningeweza kumwambia twende kwa Mwalimu, tumwombe asubiri wiki tatu kabla ya kutafuta mtu mwingine. Mama yule angekubali, namjua. Badala yake niliipokea notisi, maana nilikuwa na mume na mke waliokuwa wakinisumbua wapate chumba cha mwaka, na udalali wa mwaka ni mtamu. Siku nne baadaye wakasaini.

Wiki ya mwisho hospitali ikamwongeza miezi mitatu.

Alikuja kuniambia huku anatabasamu, kisha akauona uso wangu akaelewa. "Basi, haina neno," akasema. "Nitafutie kingine. Cha miezi mitatu." Nilitamani anitukane.

Siku ya kuondoka, Mwalimu alikagua chumba kama ilivyo kawaida, ili amrudishie amana yake. Alipita kila ukuta kwa kidole. Hapakuwa na tundu la msumari, doa la mafuta, wala alama ya kitanda kusogezwa. Akamrudishia amana yote, akamsindikiza mpaka getini, akarudi akasimama katikati ya chumba kitupu na ile kalenda mkononi. Ilikuwa bado imekunjwa, imefungwa kwa mpira wake.

"Nilisema nataka mtu wa kukaa," akaniambia.

"Mwalimu, si amekaa miezi mitatu?"

"Hakukaa yule, mwanangu. Alisimama tu, akingoja tumwambie akae."

Nilikuwa na udalali wa wale wapya mfukoni.