Bango la Siku ya Baba

Redio za nje zilipoanza kujaa madukani Arusha, bosi wangu wa duka la Kijenge aliniambia niandike bango la Siku ya Baba. Niliandika: "Baba haombi zawadi. Anasema tu betri zimeisha. Mnunulie redio, betri nne bure." Bosi alitaka niongeze utani kuhusu ubahili wa kina baba. Nilikataa, baba yangu hupita pale.

Jumatatu, kesho yake ya Siku ya Baba, mzee mmoja, mkulima wa kahawa, alishuka kutoka Meru na redio yetu kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida.

"Wanangu wameniletea hii jana. Sikuwaomba. Wanataka nini?"

Nilimwonyesha bango. Akalisoma mara mbili.

"Hii siku ya baba nani kaileta?"

Nikapandwa na hasira. "Mzee, watoto wako wanakupenda, basi!" Nikaiwasha redio mbele yake, ikaimba vizuri, akaondoka nayo bila hata asante.

Kesho yake akaja mwanawe mkubwa, ndiye aliyeinunua. Akainama kwenye kaunta.

"Dada, nasikia mzee alipita hapa. Ameipenda? Jumamosi tunataka kumwambia atugawie shamba."