Jicho Lisiloijua Nembo

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuhesabu sekunde. Katika ofisi moja ya Hurlingham, juu ya duka la dawa, tulitazama mechi zilizorushwa kwenye televisheni na kupima nembo ya mdhamini ilionekana kwa muda gani. Kompyuta ilizitafuta nembo na kuzitia alama, kisha sisi tukazikagua moja moja: imeanza kuonekana wapi, imepotea wapi, iko kwenye ubao wa kando ya uwanja au kifuani mwa mchezaji. Isiyosomeka haikuhesabiwa, wala iliyofichwa na mwili wa mtu, wala iliyopita chini ya sekunde moja. Marudio ya bao yaliandikwa kando.

Mkuu wetu, mama wa Mombasa tuliyemwita Bi Mkubwa, hakuyaamini macho ya mtu aliyeshinda na nembo moja wiki nzima. Macho hayo, alisema, husoma hata penye ukungu, kwa kuwa yameshajua kilichoandikwa. Kwa hiyo picha zenye utata zilipelekwa kwa bibi mzee aliyetupikia chai, mwenyeji wa Kangemi, ambaye sote tulimwita shosho. Alifuta mikono kwa aproni, akakaza macho kwenye skrini kama anayetafuta mstari wa Biblia. Akiisoma nembo, inahesabiwa. Akishindwa, inafutwa, na hakuna wa kubishana naye.

Ikaja kazi ya timu ya wanawake iliyodhaminiwa na kampuni moja ya unga. Beki wa kushoto wa timu hiyo alikuwa dada yangu mdogo. Sikumwambia Bi Mkubwa. Dada alikuwa amenieleza kwamba mdhamini anasubiri ripoti yetu aamue kama ataendelea, na kwamba akijitoa, timu itavunjwa. Alinieleza huku akishona soksi zake za mpira, bila kuniomba chochote, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nilipopima, sekunde zilikuwa chache mno. Picha nyingi zilikuwa za kubishaniwa. Basi Ijumaa hiyo nikamnunulia shosho pakiti mbili za unga wa kampuni ile ile. Nikamwambia ni zawadi. Zawadi ilikuwa kweli, maana nilimpenda yule mama, lakini nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya.

Jumatatu akaitwa. Akasoma picha ya kwanza bila hata kukaza macho. Akasoma ya pili. Ya tano ilikuwa doa la kijani nyuma ya mguu wa kipa, nayo akaisoma.

Bi Mkubwa akavua miwani. "Hiyo umeionaje, mama?"

"Si ni ile unga yangu," shosho akasema kwa furaha. "Huyu kijana alininunulia. Inatoa ugali poa sana."

Nilitamani sakafu inimeze. Bi Mkubwa hakunigombeza mbele za watu. Alimwita bawabu mpya kutoka langoni, akamwonyesha picha zile zile.

"Mimi naona green tu, madam," bawabu akasema, akiomba radhi kama kwamba kosa ni lake.

Zaidi ya nusu ya sekunde zangu zikafutika. Tulipobaki wawili nikamweleza habari za dada. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia, mwanangu, ningempa kazi hii mtu mwingine," akasema. "Sasa keti. Usinionyeshe nembo ilipoonekana. Nionyeshe ilipokosekana."

Tukairudia mechi nzima, mara hii tukitazama uwanja badala ya nembo. Kamera kuu ilikuwa juu ya jukwaa la watazamaji, ikitazama upande wa pili. Mbao zote za unga zilipangwa chini ya jukwaa hilo hilo, zikiipa kamera mgongo; zilionekana tu pale kamera ndogo ya nyuma ya goli ilipotumika. Upande wa pili, ambao kamera iliutazama tangu mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na ukuta mtupu. Tukaandika sekunde zile chache, bila kuongeza hata moja, na chini yake tukaeleza mbao zihamishwe. Nilimpenda sana Bi Mkubwa siku hiyo, nami nilimwogopa vilevile.

Mdhamini alikubali kujaribu msimu mmoja zaidi, mbao zikiwa upande wa ukuta. Mechi ya kwanza ilipimwa na mwenzangu. Mimi niliruhusiwa kutazama tu, na shosho akaja na birika akakaa karibu nami. Mpira ukatoka upande wa pili. Dada yangu akaufuata, akasimama mbele ya ubao akitafuta wa kumrushia, na mwili wake ukaifunika nembo yote.

Mwenzangu akasimamisha hesabu.

"Huyo msichana si atoke hapo," shosho akasema.

"Mwache, shosho," nikasema. "Mwache kidogo."