Mguu wa Mzee Koikai

Theresia binti Koikai ni mtu wa kijicho, na simsengenyi, maana mwenyewe hulisema hadharani. Sokoni Kwa Mrombo, ninapouza nyanya meza moja na ndizi zake, akipita mwanamke mwenye kitenge kipya ataguna. Akipita mwenye mume wa kumbebea kikapu, ataguna mara mbili. Lakini sura za watu hazimshughulishi. Macho yake huenda miguuni kwanza, nyuma, pale mshipa unaposhuka kukutana na kisigino.

Nilimwuliza siku moja anatafuta nini huko chini. Akacheka kwa uchungu.

"Natafuta nilichonyimwa," akasema.

Kwao ni mlimani, juu ya Ngaramtoni, na ukoo wao ulikuwa na alama. Babu alikuwa na mshipa mnene wa kisigino, mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe. Mzee Koikai, baba yake, alikuwa nao vilevile. Hawakuzaliwa nao, ulikuja mtu akishakuwa mkubwa. Kaka mkubwa, Lesikar, ulipomtokea, mzee alimpapasa mguu mbele ya wageni akasema, "Huyu ni wangu, wala sihitaji shahidi." Akampa mtamba. Sankale, aliyemfuata, naye akapata mguu, akapata mtamba. Theresia akangoja. Kila akioga alijipapasa. Mshipa ukabaki mwembamba, na mzee akafa kwa moyo akiwa na miaka hamsini na tatu bila kumtamkia neno lile. Baadaye mdogo wao, Nalepo, ukamtokea. Theresia hakumsalimia mdogo wake mwezi mzima.

Na wenye maneno wapo. Wakanong'ona kwamba huyu asiye na mguu labda ni wa baba mwingine. Kisha Sankale akaanguka gereji kwake Sakina, spana mkononi, miaka arobaini na moja, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Matangani Lesikar akasema mbele ya watu wote, "Macho ya mtu yamemmaliza ndugu yangu." Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Tangu hapo Theresia hakukaribishwa boma la kaka yake.

Sasa huyo Nalepo, fundi cherehani, mwembamba mpaka unamwonea huruma, alianza kubanwa kifua akipanda kilima. Lesikar akamchinjia kondoo, akamnywesha mafuta yaliyoyeyushwa, kikombe asubuhi na kikombe jioni, apate nguvu. Kifua kikazidi kubana. Nalepo akamfuata Theresia sokoni.

"Dada, nisindikize hospitali. Kaka anasema ninywe tu mafuta."

Tukaenda watatu, mimi nikiwa wa kushika mikoba. Daktari alikuwa mama kijana aitwaye Elirehema. Alipima moyo wa Nalepo kwa mashine, akachukua damu. Tuliporudi kwa majibu alikuwa amekunja uso. Lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa ya moyo, ilikuwa nane nukta moja. Akasema hata tano ingemtia wasiwasi. Tezi, figo, ini na sukari alikuwa amevipima vyote, na hakuona humo cha kuipandisha hivyo.

"Ni yale mafuta ya kondoo?" nikadakia.

"Ayaache leo hii. Lakini mafuta peke yake hayafikishi hapa mtu mwembamba hivi. Nyumbani kuna aliyekufa kwa moyo akiwa hajazeeka?"

Nalepo akamtaja baba, akamtaja Sankale. Daktari akaweka kalamu chini, akainama, akashika mguu wa Nalepo, akaubana mshipa kwa vidole viwili.

"Nani mwingine kwenu ana mguu kama huu?"

"Wenye bahati wote!" Theresia akajibu, sauti imejaa nyongo. "Mimi tu sina."

"Mama, hii si bahati. Hii ni lehemu iliyojikusanya kwenye mshipa."

Akatueleza taratibu. Ini la wenye ugonjwa huu haliisafishi lehemu kwenye damu inavyopaswa, tangu siku wanazaliwa, wawe wanene au wembamba. Mzazi mwenye nao huweza kumrithisha mtoto au asimrithishe, nusu kwa nusu, kila mtoto kivyake. Dawa ipo, ya kila siku, maisha yote, na mwanamke akitaka mimba aje kwanza waongee. Kifua cha Nalepo kingetazamwa na bingwa wa moyo. Ndugu wote wapimwe, na watoto wa kila atakayekutwa nao wapimwe damu, kwa sababu mtoto anaweza kuwa nao na mguu wake usioneshe kitu.

Theresia alipimwa siku ileile. Lehemu yake ilikuwa mbili nukta sita, safi kabisa. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alikaa kwenye benchi akalia.

"Hata ugonjwa wa baba nimenyimwa," akasema. "Wale wasemao mimi si wake wataniambia nini sasa?"

Daktari akamshika bega. "Kuukosa hakukutoi kwa baba yako. Nusu huupata, nusu huukosa. Wewe uko kwenye nusu iliyosalimika."

Alilisikia. Kulimeza kulimshinda. Lakini njiani alifuta uso akasema tunapitiliza kwa Lesikar.

Lesikar alikuwa amekaa nje, miguu ameinyoosha, ile mishipa imemsimama nyuma. Binti yake Nashilu alikuwa akichambua maharage. Theresia akaamkia, "Shikamoo kaka," akamweleza yote wima, maana hakupewa kiti. Lesikar akatikisa kichwa.

"Wivu wako hauchoki. Umemmaliza Sankale, sasa unataka kuuita urithi wa baba ugonjwa?"

Nilidhani atamrukia. Mimi mwenyewe mkono uliniwasha. Theresia akapiga magoti akaushika mguu wa kaka yake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, nakuonea wivu. Nimeuonea wivu mguu huu tangu sijaota maziwa. Ungekuwa shati ningekuibia nikavaa, na leo ningekuwa mimi wa kufa. Sankale sikumwua, kaka. Aliuliwa na hiki nilichokuwa nakililia. Usipotaka kwenda kwa ajili yako, nipe huyu mtoto nimpeleke."

Nashilu alikuwa ameacha maharage. Alikuwa anajipapasa kisigino.

Lesikar alimtazama binti yake, akaingia ndani kuchukua koti.

Juma lililofuata tulirudi hospitali wote kwa majibu. Lesikar alikuwa na ugonjwa ule, lehemu saba na ushee, na Nashilu, kwa miaka yake kumi na minne na mguu laini usio na dalili, alikuwa nao pia. Daktari alisema mtoto amewahiwa, ataanza dawa mapema, na anaweza kuzeeka kama watu wengine. Wajane wa Sankale wakaitwa wawalete watoto wao wapimwe.

Tulikaa nje ya chumba cha daktari, Theresia kati ya kaka yake na mimi. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, Lesikar alikuwa amekaa karibu naye mpaka mabega yanagusana. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa ameinama anatazama chini, nikajua anatazama nini. Alinyoosha kidole akagusa ule mshipa mwembamba wa dada yake, taratibu.

"Huu," akasema. "Huu ndio ningempa Nashilu."

Theresia aliyajua macho yale. Ameyabeba usoni maisha yake yote. Hakuguna. Alishusha kanga yake taratibu, akaufunika mguu.