Ufito Mrefu Kabisa Unaopita Konani

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mamba, nami nilikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari mjini Mpanda. Kati yetu kulikuwa na hifadhi ya Katavi, mbung'o, na barabara ambayo masika yakianza inageuka kuwa mto. Watu husema mapenzi hayana umbali. Aliyesema hivyo hakuwahi kusubiri lori la mpunga siku mbili pale Sitalike ili akamwone mkewe.

Tuliomba uhamisho mpaka aibu ikatuishia. Jibu la halmashauri lilikuwa lile lile: mjini walimu wa msingi wamejaa. Lakini walimu wa hisabati wa sekondari hawakujaa popote, Mpanda ndiyo kabisa. Ndipo mke wangu akasema atafanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akifaulu hisabati ya juu atapata chuo, na akitoka chuo atapangiwa sekondari, atakaa nyumbani kwake kama wanawake wengine. Masomo mengine alikuwa ameshafaulu. Ilibaki hisabati tu.

Sikumpa moyo sana mwanzoni. Mimi ni mtu wa kuona shimo kabla ya njia. Lakini binti yetu mdogo, aliyekuwa anaishi na mama yake, siku moja aliniamkia mlangoni kama anavyowaamkia wageni, akaenda kuniletea kiti. Nikakaa kwenye kile kiti nikajua lazima mama yake aufaulu mtihani ule.

Likizo zake zote mke wangu alizimalizia Mpanda akisoma. Alikuwa mwepesi kuliko wanafunzi wangu wengi, na mbishi kuliko wote. Hesabu iliyomkalia kooni ilikuwa ya ngazi na uzio. Kuna ukuta wa nyumba, na mbele yake kwa mita moja kuna uzio wa mita mbili. Ngazi isimame nje ya uzio, iguse juu ya uzio, ifike ukutani. Ngazi fupi kuliko zote inayoweza kufika ina urefu gani?

"Nyuzi arobaini na tano," alisema bila kushika kalamu. "Katikati."

"Kwa nini katikati?"

"Kwa sababu ukiisimamisha sana inabidi iwe ndefu, na ukiilaza sana inabidi iwe ndefu."

Hapo alikuwa sahihi nusu. Ngazi ikisimama karibu wima, sehemu ya kutoka juu ya uzio hadi ukutani inapanda weee mpaka mbinguni. Ikilala, mguu wake unaondoka kwenda mbali. Mahali fulani kati ya hayo mawili urefu unaacha kupungua na haujaanza kuongezeka, na hapo ndipo penye jibu. Lakini si katikati, kwa sababu uzio una mita mbili na nafasi ina mita moja, hazilingani. Tuliandika urefu wote kwa pembe ya ngazi na ardhi: mbili gawanya kwa saini, jumlisha moja gawanya kwa kosaini. Akafanya difarensiesheni, akalinganisha na sifuri, akapata kwamba tanjenti ya pembe ile, ukiizidisha yenyewe mara tatu, ni mbili. Pembe ikawa nyuzi hamsini na moja na nusu na kitu. Ngazi ikawa mita nne na sentimita kumi na sita. Kwa nyuzi zake arobaini na tano ingekuwa mita nne na sentimita ishirini na nne.

"Sentimita nane tu," alisema. "Mwalimu, nyie watu wa hisabati mnagombania sentimita nane."

Kesho yake nikamwonyesha hesabu ile ile ikiwa imevaa nguo nyingine. Korido ya mita mbili inakata kona na kuingia korido ya mita moja. Unabeba ufito mnyoofu, umelala chini muda wote, ruksa kuuinua hakuna. Ufito mrefu kabisa unaoweza kupita konani una urefu gani? Alinitazama kana kwamba ninamcheza shere, akauliza ni mjinga gani anayebeba ufito bila kuuinua. Nikamwambia mjinga huyo ni mtungaji wa mtihani.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na tofali mbichi za kujengea jiko. Tukazipanga uani zikawa kuta za korido mbili, kwa vipimo vile vile. Nikakata ufito mwembamba kwa kipimo chake cha nyuzi arobaini na tano, mita nne na sentimita ishirini na nne. Aliusukuma mwenyewe huku ameinama, ncha zikikwaruza tofali za nje na ubavu ukigusa kona ya ndani. Ukaenda, ukaenda, ukakwama. Alijaribu upande wa pili, ukakwama pale pale. Majirani waliokuwa wanapita walicheka, wakauliza kama walimu tumeanza kucheza kombolela.

"Sasa unaona," nilimwambia. "Kwenye kila pembe korido inakupa nafasi ya urefu fulani. Mwanzoni inakupa nyingi, mwishoni inakupa nyingi. Pale kati inabana. Ufito lazima upite pale panapobana kuliko pote. Kwa hiyo ufito mrefu kabisa unaopita ni sawa na nafasi fupi kabisa."

Tukaukata kidogo kidogo kwa panga. Ulipopita ulikuwa mfupi kuliko jibu la kwenye karatasi kwa sentimita chache, kwa kuwa ufito una unene na mstari wa hesabu hauna. Alikaa chini kwenye vumbi, ufito mapajani, akarudia polepole, "Mrefu kabisa ni ile fupi kabisa." Alifurahi, nami nikafurahi zaidi yake. Nilimwona tayari yupo mjini, akibishana nami kila jioni juu ya sentimita nane.

Mtihani aliufanyia Tabora. Nilimsindikiza stesheni, nikarudi kusahihisha madaftari nisiyoyaona. Aliporudi nilikuwa nimesimama pale treni inapoishia. Alishuka na begi lake, akanipa mkono, tukaenda nyumbani tukavua viatu.

"Ilikuja ya korido," alisema.

Nilipiga makofi. Naona aibu hadi leo kwa makofi yale.

"Nilipata pembe," aliendelea. "Nikapata urefu. Nikajaribu kama ulivyonifundisha, difarensiesheni ya pili, ikatoka chanya."

"Ndiyo. Chanya maana yake umepata kile kidogo kabisa."

"Na swali lilisema mrefu kabisa."

Hapo nikaelewa. Kwetu, mwanafunzi anasoma swali la Kiingereza huku Kiswahili chenyewe amekikuta shuleni, nyumbani akiongea Kipimbwe au Kibende. Kwa hiyo tangu kidato cha kwanza anafunzwa kuwinda neno. Pigia mstari neno la swali. Likisema kikubwa, tafuta kikubwa, hakikisha ni hasi. Likisema kidogo, tafuta kidogo, hakikisha ni chanya. Desturi hiyo nimeikuta, na imewafaulisha wengi. Yeye alipiga mstari chini ya neno "mrefu kabisa", kama mtoto mwema. Kisha akatazama jibu lake, akaona amekamata kidogo kabisa, na karatasi inadai kikubwa.

"Nikalifuta lote," alisema. "Mistari miwili ya mkasi, ukurasa mzima. Nikaanza kutafuta kikubwa."

"Hakuna kikubwa pale."

"Najua hakuna. Nilikitafuta mpaka nikajua hakuna. Ukienda huku urefu hauishi, ukienda huku hauishi. Mwisho nikaandika nyuzi arobaini na tano ili tu nisiache wazi. Nilipotazama saa, maswali mawili sikuwa nimeyagusa."

Nikamuuliza kuhusu uani, kuhusu ufito, kuhusu yale maneno aliyoyasema mwenyewe kwa kinywa chake akiwa amekaa vumbini. Sauti yangu ilipanda. Nilimkasirikia, na nilijua kabisa kuwa siyo yeye ninayemkasirikia.

"Niliyakumbuka," alisema. "Niliyakumbuka vizuri sana. Lakini nikasema huko ni uani kwetu, hii ni karatasi ya serikali. Kama vinapingana, mimi nani? Niliamini karatasi."

Na karatasi haikumpinga. Karatasi ilikuwa inauliza kile kile alichokuwa amekijibu.

Tulikula ugali wetu. Nilijidanganya kwamba maswali mengine yangembeba. Matokeo yalipokuja alikuwa na ile pasi ndogo isiyokubaliwa na chuo chochote. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Yeye alikuwepo, na lake lilikuwepo, akalipiga mkasi.

Kiangazi barabara ilipokauka nilipanda lori kwenda Mamba kumshawishi ajiandikishe tena. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia amekosea mara moja tu, tena kosa la mtu anayejua. Ningemwambia asiyejua hawezi kabisa kulikosea swali lile namna ile, maana asingefika mahali pa kulifuta.

Nilimkuta darasani na darasa la sita. Nilisimama nje ya dirisha, hakuniona. Ilikuwa hesabu ya shamba la mstatili, wapate mzingo. Aliandika urefu, akaandika upana, akajumlisha, akazidisha kwa mbili. Jibu lilikuwa sahihi. Alirudi nyuma hatua moja, akalitazama. Kisha akachukua dasta akalifuta, akaanza upya, likatoka lile lile, akalifuta tena. Watoto walikuwa wameshika kalamu wanangoja wajue la kunakili. Mwisho alimwita mmoja wa wanafunzi wakubwa aje aandike jibu ubaoni, akaliuliza darasa zima kama ni kweli, wakaitikia ni kweli, ndipo akawaambia wanakili.

Jioni nilimweleza yote niliyoyapanga. Alisikiliza huku anapepeta mchele, hakunikatiza. Alipomaliza kuchagua chuya akaweka ungo chini.

"Mwalimu, ningekuwa sikuelewa ungenifundisha tena," alisema. "Lakini nilielewa. Nilikuwa nalo jibu mkononi, likanitisha. Sasa kila hesabu ikitoka vizuri naona kama inanidanganya. Utanifundisha nini hapo?"

Mimi ninayelipwa kwa kufundisha niliuokota ule ungo, nikaanza kutafuta tena chuya zilizokwisha kuchaguliwa. Binti yetu akaja kuniuliza kama nitalala au nitaondoka na lori la kesho, ili ajue atandike wapi. Nikamjibu nitaondoka na la kesho.